Picha ya intigrali kutoka Wete: umbo lililokosa herufi moja

Mwanafunzi wa kidato cha sita huko Wete, Pemba, alipiga picha ukurasa wa daftari lake usiku akaituma kwa WhatsApp kwa mwalimu anayemsomesha tuisheni ya hisabati. Chini ya picha aliandika: "Asalaam aleykum mwalimu. Namba zote nimezipata, A, B na C, lakini jibu langu halifanani kabisa na la kitabu. Nimekosea wapi?" Swali lenyewe, likisomwa vizuri, ni hili:

∫ (6x² + 4x + 5) / [(x − 1)²(x² + 4)] dx

Jibu alilolipata yeye ni:

(5/3) ln|x − 1| − 3/(x − 1) − (1/6) tan⁻¹(x/2) + K

Na jibu la kitabu, alilolinakili pembeni mwa ukurasa, ni:

ln[(x − 1)²/(x² + 4)] − 3/(x − 1) + (1/2) tan⁻¹(x/2) + K

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa taratibu kwa sababu hesabu za mwanafunzi huyu zote ni sahihi. Hakukosea kujumlisha, hakukosea alama, wala hakukosea kuintigreti. Kosa liko kwenye mstari mmoja wa mwanzo, pale alipoandika umbo la vipande, yaani jumla ya sehemu ndogo ambazo swali linavunjwa kuwa, kabla ya kuanza kutafuta namba. Kosa la aina hii huwa gumu kulikamata, kwani namba zinatoka na zinaonekana za kweli.

Kwanza picha isomeke

Kabla ya kumjibu ilibidi kuhakikisha swali ni lipi. Kivuli cha simu kiliangukia katikati ya ukurasa, na WhatsApp hubana picha za kawaida, kwa hiyo ncha za kalamu nyembamba hupotea. Mahali pawili palitia shaka. Kati ya x² na 4 kwenye asili, mstari wa kulala ulionekana lakini wa kusimama haukueleweka, kwa hiyo alama ingeweza kuwa ya kujumlisha au ya kutoa. Na kile kipeo kidogo juu ya 6x kwenye kiasi kingeweza kusomwa 2 au 3. Mstari ambao ungemaliza ubishi, ule aliozidisha asili pande zote mbili, ulikuwa ndani ya kivuli moja kwa moja.

Shaka ya kwanza ndiyo yenye uzito. Kama asili ingekuwa na x² − 4, kigawo hicho kinavunjika kuwa (x − 2)(x + 2), na umbo la vipande linakuwa jengine kabisa: vipande vinne, vyote vyenye namba tupu juu, na jibu halina tan⁻¹ hata moja. Ukiwa na x² + 4, kigawo hakivunjiki kwa namba halisi. Ukiusoma mstari mmoja vibaya, utafanya swali ambalo mtu hakukuuliza.

Lakini chini ya kivuli hesabu zake za kuweka thamani za x zilionekana wazi:

x = 1: 15 = 5B
x = 0: 5 = −4A + 12 + C
x = 2: 37 = 8A + 24 + C

Mistari hii inatosha kulirudisha swali. Ukiweka x = 1, kilichobaki mbele ya B ni thamani ya kile kigawo chenye shaka. Yeye ameandika 5, na 1 + 4 ni 5. Kama ingekuwa alama ya kutoa, angepata −3. Basi ni x² + 4. Jibu la kitabu linakubali pia, kwa sababu tan⁻¹(x/2) haiwezi kutoka kwenye x² − 4.

Kwa kipeo juu ya 6x, mstari wa x = 1 hausaidii kitu. Moja ukiipandisha kipeo chochote inabaki moja, kwa hiyo 6x² na 6x³ zote zinatoa 6, na jumla ni 15 vyovyote iwavyo. Mstari wa x = 0 nao haufai, maana sifuri inafuta herufi zote zenye x. Ni x = 2 pekee inayotenganisha: 6(4) + 8 + 5 ni 37, wakati 6(8) + 8 + 5 ingekuwa 61. Yeye ana 37. Basi kipeo ni 2. Anayesoma picha za wanafunzi na azowee kutazama mistari hii ya chini kabla ya kuomba picha nyengine. Ikishindikana kabisa, mwanafunzi aitume picha kama dokumenti, isibanwe, na alilaze daftari mahali ambapo taa haiko nyuma ya mkono wake.

Alichokiandika, na kwa nini kilitoa namba

Mwalimu alimuuliza: "Umbo lako la mwanzo uliliandikaje, mwanangu? Kwenye picha halionekani." Akajibu kwa maandishi:

A/(x − 1) + B/(x − 1)² + C/(x² + 4)

Vipande viwili vya mwanzo ni sahihi. Cha tatu kina upungufu: juu ya x² + 4 ameweka C peke yake, na hapo panatakiwa Cx + D.

Tumfuate katika hesabu zake tuone kilichotokea. Kwa x = 1 alipata B = 3, na hiyo ni kweli. Kwa x = 0 alipata C = 4A − 7. Akaiweka kwenye mstari wa x = 2: 8A + 4A − 7 = 13, yaani 12A = 20, A = 5/3, kisha C = −1/3. Herufi tatu, milinganyo mitatu, majibu matatu. Kila kitu kimekaa sawa kwenye karatasi.

Hebu sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Badala ya x = 2, atumie x = 3. Upande wa kushoto unakuwa 54 + 12 + 5 = 71. Upande wa kulia unakuwa 26A + 39 + 4C. Ukiweka C = 4A − 7 unapata 42A = 60, yaani A = 10/7, na C = −9/7.

Tazama: swali ni lile lile, umbo ni lile lile, hesabu hazina kosa, na A imekuwa 10/7 badala ya 5/3. Wanafunzi wawili waliokaa dawati moja wangetoka na majibu mawili, kila mmoja na uhakika wake, kwa sababu tu mmoja alichagua 2 na mwengine akachagua 3. Kwenye umbo sahihi jambo hili haliwezekani, kwani pande mbili zinalingana kwa kila x, na thamani yoyote utakayoiweka itasema ukweli ule ule. Kwenye umbo pungufu pande mbili hazilingani. Ulichofanya ni kuzilazimisha zikutane katika sehemu tatu ulizochagua mwenyewe, na kila ukibadilisha sehemu, namba zinabadilika.

Ndiyo maana njia ya kuweka thamani za x, pamoja na wepesi wake, haikuonyi pale umbo linapokuwa na kasoro. Njia ya kulinganisha vipeo inakuonya mara moja. Kwenye umbo lake, x³ inapatikana kwenye kipande cha A peke yake, na upande wa kushoto hauna x³ hata kidogo. Basi A lazima iwe 0. Lakini ukiweka A = 0, mstari wa x = 0 unadai C = −7 na mstari wa x = 2 unadai C = 13. Hapo mlango umefungwa, na mtu anajua kwamba tatizo liko juu, kwenye umbo.

Kama mtu hataki kulinganisha vipeo, na afanye jambo jengine dogo: akishapata herufi zote, aweke thamani moja ya ziada ambayo hakuitumia. Kwa x = −1, kiasi cha swali ni 6 − 4 + 5 = 7. Kwa namba za mwanafunzi wetu, upande wa kulia unatoa −10A + 5B + 4C, yaani −50/3 + 15 − 4/3 = −3. Saba na hasi tatu haviwezi kuwa kitu kimoja. Kazi ya nusu dakika, nayo ingemwokoa kabla hajaanza kuintigreti.

Kwa nini juu ya x² + 4 panahitajika Cx + D

Jibu fupi ambalo wengi wanalikariri ni kwamba "juu ya kipeo cha pili weka herufi mbili". Kanuni hiyo ni sahihi kwa kigawo kisichovunjika, lakini anayeikariri bila sababu yake huishia kuitumia hata kwenye (x − 1)², ambacho nacho kinaonekana kuwa kipeo cha pili. Afadhali kuanza kwenye sababu.

Asili yetu ikizidishwa yote ni x⁴ − 2x³ + 5x² − 8x + 4, kipeo cha nne. Kiasi chochote kinachoweza kukaa juu yake bila kuhitaji kugawanya kwanza kina kipeo kisichozidi cha tatu, yaani kina nafasi nne: namba ya x³, ya x², ya x, na namba tupu. Ili umbo la vipande liweze kubeba kiasi chochote kati ya hivyo, linahitaji herufi nne huru. Likiwa na tatu, kuna viasi vingi litakavyoshindwa kuvibeba, na cha kwetu ni kimoja kati ya hivyo. Likiwa na tano, kutakuwa na njia nyingi za kuandika kitu kile kile na milinganyo haitatoa jibu moja. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha umbo lolote ni hiki: idadi ya herufi iwe sawa na kipeo cha juu cha asili. Mwanafunzi wetu alikuwa na asili ya kipeo cha nne na herufi tatu. Angehesabu tu, angeligundua kosa kabla ya kuweka hata thamani moja ya x.

Kuhesabu kunakwambia herufi moja imepotea, lakini hakukwambii imepotea wapi. Hapo ndipo unapokitazama kila kigawo. Kigawo x² + 4 ni cha kipeo cha pili na hakigawanyiki zaidi. Hakikisha kwa b² − 4ac: hapa b ni 0, a ni 1, c ni 4, na jibu ni −16, chini ya sifuri. Kitu kinachokaa juu yake kinaweza kuwa na x, kwani Cx + D bado ni kipeo kidogo kuliko asili yake, na hakuna kigawo kidogo zaidi cha kukivunjia. Kukiandika C peke yake ni sawa na kuamua mapema kwamba x haimo, uamuzi ambao hakuna aliyekupa ruhusa ya kuufanya. Pengine x itatoka na 0, lakini hilo liseme hesabu lenyewe.

Jibu la kitabu lilikuwa na ishara ya hili hata kabla ya kufanya hesabu. Ndani yake mna ln(x² + 4). Logi hiyo hutoka pale tu panapokuwa na x juu ya x² + 4, kwa sababu 2x ndiyo inayopatikana ukidiferenshieti x² + 4. Umbo lisilo na Cx haliwezi kuizaa logi hiyo hata ungefanya nini.

Na kwa nini (x − 1)² ni tofauti

Baada ya kuelezwa hayo, mwanafunzi akauliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Mwalimu, kama ni hivyo, mbona juu ya (x − 1)² naweka B tu? Si nayo ni kipeo cha pili?"

Kigawo (x − 1)² kina kipeo cha pili, ndiyo, na kinastahili herufi mbili. Na kimepewa mbili: A na B. Zimegawanywa tu kwenye vipande viwili, kimoja juu ya (x − 1) na kimoja juu ya (x − 1)². Mtu angeweza kuziweka pamoja, (Px + Q)/(x − 1)², na asingekosea. Kwenye swali hili kipande hicho kingetoka (2x + 1)/(x − 1)². Lakini kwa kuwa x − 1 kinajirudia, kiasi kile kinaweza kuandikwa upya kwa x − 1 yenyewe: 2x + 1 ni 2(x − 1) + 3. Ukigawa, unapata 2/(x − 1) + 3/(x − 1)². Kipande cha kwanza kinatoa logi, cha pili kinaintigretika kwa kipeo hasi. Kuvitenganisha mapema kunakupunguzia kazi hiyo ya baadaye, na ndiyo sababu pekee ya kuandika hivyo.

Kwa x² + 4 hila hiyo haiwezekani, kwa sababu hakuna kigawo cha mfano wa x − 1 kinachojirudia ndani yake. Kwa hiyo Cx + D inabaki pamoja.

Makosa mawili hutokea hapa, na kila moja lina sura yake. La kwanza ni kuandika B/(x − 1)² peke yake na kusahau A/(x − 1). Herufi zinakuwa tatu badala ya nne, na dalili ni zile zile za kisa hiki: namba zinazobadilika kila ukibadilisha x. La pili ni la mtu aliyeikariri kanuni bila sababu, akaandika A/(x − 1) + (Bx + E)/(x − 1)² + (Cx + D)/(x² + 4). Herufi zimekuwa tano kwa asili ya kipeo cha nne. Hapa dalili ni kinyume: milinganyo haipingani, ila haimaliziki. Utajikuta herufi moja, tuseme B, inaweza kuwa namba yoyote unayoitaka, na ukiichagua B iwe sifuri, umbo la kawaida linarudi. Mtu wa kosa hili mara nyingi hudhani amekosea kuzidisha na huanza upya, mara mbili, mara tatu, kumbe kuzidisha kwake hakuna tatizo.

Hesabu yenyewe kwa umbo sahihi

(6x² + 4x + 5) / [(x − 1)²(x² + 4)] = A/(x − 1) + B/(x − 1)² + (Cx + D)/(x² + 4)

Zidisha pande zote kwa asili nzima:

6x² + 4x + 5 = A(x − 1)(x² + 4) + B(x² + 4) + (Cx + D)(x − 1)²

Kipande cha A kinazidishwa kwa (x − 1) moja tu, si mbili, kwa sababu moja imekatana. Wengi huiweka (x − 1)² hapo kwa haraka, na dalili yake ni kuona x⁴ inajitokeza upande wa kulia. Ukiiona x⁴ kwenye swali hili, rudi kwenye mstari huu.

Weka x = 1: vipande vya A na C, D vinakufa, na 15 = 5B, kwa hiyo B = 3. Hakuna thamani nyengine halisi ya x inayoua kipande kingine, kwani x² + 4 haifiki sifuri. Basi zilizobaki zitafutwe kwa kulinganisha vipeo:

x³: A + C = 0
x²: −A + B − 2C + D = 6
x: 4A + C − 2D = 4
namba tupu: −4A + 4B + D = 5

Kwa B = 3, mstari wa mwisho unatoa D = 4A − 7. Wa kwanza unatoa C = −A. Weka yote mawili kwenye mstari wa x: 4A − A − 8A + 14 = 4, yaani −5A = −10, A = 2. Kwa hiyo C = −2 na D = 1. Mstari wa x² haujaguswa, na huo ndio wa kupimia: −2 + 3 + 4 + 1 = 6. Unakubali. Ni vizuri kuuacha mstari mmoja pembeni kila mara kwa kazi hii.

Tukiweka ile x = −1 iliyomkataa mwanafunzi: −10(2) + 5(3) + 4(2 + 1) = −20 + 15 + 12 = 7. Sasa imekaa.

Kuintigreti kumebaki kufupi, isipokuwa kipande cha mwisho. (−2x + 1)/(x² + 4) kivunjwe mara moja kuwa −2x/(x² + 4) na 1/(x² + 4). Cha kwanza kinatoa −ln(x² + 4), bila alama za thamani kamili kwa kuwa x² + 4 daima ni zaidi ya sifuri. Cha pili kinatoa (1/2) tan⁻¹(x/2), na ile nusu ya mbele ndiyo inayosahaulika, kwani 4 ni 2² na a = 2 inatoka nje kama 1/a. Kwa 3/(x − 1)² jibu ni −3/(x − 1). Anayeandika 3 ln(x − 1)² hapo amechukulia kwamba kila kitu kilicho chini kinazaa logi, na namba tupu juu ya (x − 1)² haizai logi.

2 ln|x − 1| − 3/(x − 1) − ln(x² + 4) + (1/2) tan⁻¹(x/2) + K

Logi mbili zikiunganishwa, 2 ln|x − 1| − ln(x² + 4) ni ln[(x − 1)²/(x² + 4)]. Hilo ndilo jibu la kitabu, herufi kwa herufi.

Kupima kwa kalkuleta

Kama hakuna jibu la kitabu, pima kwa mipaka. Chagua eneo lisilogusa x = 1, tuseme kutoka 2 hadi 3. Jibu letu linatoa takriban 2.4995. Sasa kadiria kwa kanuni ya Simpson kwa vipande vinne: thamani za kitendakazi kwa 2, 2.25, 2.5, 2.75 na 3 ni 4.6250, 3.1338, 2.2764, 1.7333 na 1.3654, na makadirio yanatoka 2.501. Yamekaribiana vya kutosha.

Ukipata 8.06 badala ya 2.50, usivunjike moyo na vipande vyako. Kalkuleta iko kwenye Deg. Kwa digrii, tan⁻¹(1.5) ni 56.31 na tan⁻¹(1) ni 45, na nusu ya tofauti yao ni 5.65, wakati kwa radiani inatakiwa iwe 0.0987. Weka Rad, rudia mstari huo mmoja tu.

Kama alama ingekuwa ya kutoa, au kama mabano yangerudiwa

Mwanafunzi aliomba pia aoneshwe ingekuwaje kama mwalimu angeisoma picha vibaya. Kwa x² − 4 umbo ni A/(x − 1) + B/(x − 1)² + C/(x − 2) + D/(x + 2). Herufi bado ni nne, kwa hiyo kuhesabu herufi kusingelimwonya msomaji wa picha. B inatoka −5, C ni 37/4, D ni −7/12, na A ni −26/3. Sehemu hizi mbaya zenyewe ni dalili: maswali ya vitabu vya kidato cha sita kwa kawaida hutungwa namba zitoke safi, na ukiona −26/3 kwenye swali lenye 6, 4 na 5, itazame tena ile alama.

Jambo la mwisho aliloliuliza lilikuwa kuhusu (x² + 4)². Hapo kanuni mbili zinakutana: kigawo hakivunjiki, na kinajirudia. Vipande viwe viwili, kila kimoja na herufi zake mbili:

(Cx + D)/(x² + 4) + (Ex + F)/(x² + 4)²

Herufi nne kwa kipeo cha nne, kama kawaida. Ugumu wake uko kwenye kuintigreti 1/(x² + 4)², ambako tan⁻¹ peke yake haitoshi. Badilisha x = 2 tan θ, na jibu linatoka x/[8(x² + 4)] + (1/16) tan⁻¹(x/2). Kipande chenye x juu yake ni chepesi zaidi: x/(x² + 4)² kinatoa −1/[2(x² + 4)], na hakina logi, kwa sababu ile ile iliyoinyima logi 3/(x − 1)².